Wimbi la Shukrani na Bakuli la Mama

Kazi yangu ni kuchapisha. Nina duka dogo mjini Kericho, mlango mmoja na dirisha moja, na watu huja kwangu wakiwa na furaha au wakiwa na msiba. Kadi za arusi, programu za mazishi, karatasi za kubandika kwenye chupa za maji. Miaka hii ya karibuni wamezidi kuja kuniuliza habari ya vizawadi, vile vitu vidogo ambavyo mwenye sherehe humpa mgeni wakati wa kuondoka, kumwambia asante kwa kuja. Nimeshauri maharusi wengi kuliko mchungaji wetu. Nawaambia, hesabu nyumba, usihesabu vichwa. Mume, mke na watoto wanne ni kizawadi kimoja. Ongeza kumi juu, maana huku kwetu mgeni ambaye hukumwalika ndiye hufika wa kwanza. Usigawe kabla ya chakula, usije ukabaki na mahema na mchungaji peke yake. Usimpe kitu cha kuvunjika mtu atakayerudi nyumbani kwa bodaboda. Na uombe kuona mfano mmoja kabla hujalipia mia.

Kwa hiyo mama yangu aliposema anataka kufanya sherehe ya shukrani, na kwamba kila nyumba itakayokuja iondoke na kitu mkononi, nilimwambia asijisumbue, aniachie mimi. Sikudhani kulikuwa na mtu wa kunifundisha lolote katika jambo hilo.

Mama anaishi nje kidogo ya Sotik, kwenye ekari tatu ambazo marehemu baba alizinunua baada ya kufanya kazi miaka mingi katika mashamba makubwa ya majani chai. Wazazi wangu walitoka Kisii. Majirani zetu wengi ni Wakipsigis, na mama amekaa nao muda mrefu hata Kikipsigis chake akikizungumza watu wa mbali hudhani amezaliwa huko. Mwaka juzi, msimu wa mvua, aliteleza kwenye mteremko akichuma chai, akavunjika nyonga. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na fimbo ya miguu minne na amri ya daktari ya kutokanyaga shamba kwa miezi kadhaa.

Chai haingoji mtu apone. Ukiacha kuichuma wiki mbili tatu, majani yanakomaa na kuwa magumu, kiwanda hakiyataki, na kuirudisha meza ya chai, yaani ule uso wa juu wa vichaka, katika usawa wake ni kazi ya kupogoa na kulia. Ndugu yangu wa kiume yuko Londiani na viazi vyake, mimi niko dukani. Waliomwokoa mama ni majirani. Kina mama wa kanisani walijigawa kwa zamu, wakachuma, wakabeba magunia hadi kituo cha kupimia chai, wakapima kwa namba ya mama, na pesa yote ikaingia kwake bila hata mmoja wao kukata ujira. Hadi leo nikiikumbuka miezi ile nasikia aibu na furaha kwa pamoja.

Lakini kulikuwa na siku ambazo kina mama wa kanisani hawakuja, na bado chai ya mama ilipimwa. Karani wa kituoni ndiye aliyemwambia ndugu yangu. Alisema ni yule mama Mkipsigis wa upande wa chini, anayepakana nasi. Hufika asubuhi mapema, anachuma mistari ya kule chini hadi gunia lijae, anapima kwa namba ya mama, anaenda zake. Hajasema neno kwa mtu.

Hapo lazima nieleze, maana bila hilo mengine hayana maana. Mama na yule jirani walikuwa hawasemezani kwa miaka minane. Mume wake alipanda mikaratusi kwenye mpaka, ikakua, ikanyonya maji na kuifunika kwa vivuli vyake mistari yetu miwili ya chai. Mama alilalamika kwa upole, hakusikilizwa. Mimi nilipopata habari nilipandwa na hasira, kama kawaida yangu, nikaandika barua kwa chifu kwa jina la mama, barua ya kurasa mbili yenye maneno makali ambayo mama mwenyewe hangeweza kuyatamka. Miti ilikatwa ikiwa bado michanga. Baadaye tulisikia kwamba walikuwa wameipanda ili iwe karo ya kitinda mimba wao. Mume akafariki miaka miwili baada ya hapo, na mama alienda mazishini akasimama nyuma kabisa, akarudi bila kusalimiwa.

Sasa huyo ndiye aliyekuwa akimchumia chai. Mama alipoambiwa hakulia, ila uji wake ulipoa mezani bila kuguswa. Jioni akaniambia kwa simu kwamba atafanya sherehe, atawaita wote, na yule mama lazima aje. Akaongeza kuwa anaogopa.

"Unaogopa hatakuja?" nilimuuliza.

"Naogopa atakuja, achukue kitu, aone nimemlipa," alisema. "Nataka arudi kwangu."

Nilisikia maneno hayo vizuri. Sikuyaelewa, lakini niliyasikia, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mfano wangu wa kwanza ulikuwa kikombe. Kikombe cheupe cha udongo, picha ya mama akitabasamu, chini yake neno Shukrani kwa maandishi ya mkunjo, na tarehe ya sherehe. Ndiyo, nilivunja sheria yangu mwenyewe ya vitu vya kuvunjika, nikajiambia tutavifunga kwa magazeti. Nilikibeba hadi Sotik kama mtu aliyebeba yai. Mama alikishika, akakizungusha, akakiweka mezani akiwa amekigeuza ili picha itazame ukutani.

Aliniuliza kama nimesikia amekufa. Picha ya mtu mzee, na tarehe chini yake, alisema, watu wa huku wameizoea kwenye programu ya mazishi tu, na nani atakunywa chai kila asubuhi akimwangalia mama wa watu? Ndugu yangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilinuna, lakini nilijua amesema kweli, kwa sababu picha yenyewe nilikuwa nimeiweka ndani ya ile fremu ya maua ninayoitumia kwa matanga. Mkono umezoea.

Ndugu yangu naye akatoa lake. Alitaka tununue zile aproni za plastiki za kuchumia chai, kwamba kila nyumba inachuma, zinararuka kila mwaka, na bei si mbaya. Kwa manufaa, alikuwa ametushinda wote. Mama alimtazama kwa huruma. Watu wamemaliza kumfanyia kazi, wamevaa nguo nzuri wamekuja kula, halafu awape nguo ya kazi? Si ni kama kuwaambia warudi shambani kesho? Aproni zikaishia hapo.

Tukajaribu pakiti za majani ya chai zenye utepe. Mama akasema watu hawa wametoka kubeba majani yake mgongoni, hajafika mahali pa kuwarudishia kwa gramu. Sabuni nzuri ya kunukia? Akauliza ni nani kati yao ananuka. Leso zilimpendeza sana, leso humfaa kila mwanamke, lakini leso sabini zingeimeza bajeti yote pamoja na mbuzi, na hakutaka sherehe ambayo watu wanashukuriwa wakiwa na njaa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kuchoka, nikamwambia basi yeye mwenyewe aseme anataka nini, na nilisema kwa sauti ambayo binti hapaswi kuitumia. Hakujibu sauti yangu. Alisema, "Wimbi."

Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa amelifikiria tangu mwanzo na alikuwa akingoja nimalize maringo yangu. Wimbi, alisema, linaliwa pande zote mbili za mpaka. Mkisii hana sherehe bila *obokima*, ugali wa wimbi, Mkipsigis naye ugali wake wa heshima ni wa wimbi, na uji wa wimbi mzee anapewa na mtoto anapewa. Wenye ugonjwa wa sukari wameagizwa na daktari wale hilo hilo. Halivunjiki, halina picha ya mtu, na likikauka vizuri linakaa hata mwaka. Anayetaka atalisaga, anayetaka atalipanda. Na siku hizi watu hawalimi sana, chai imekula shamba lote, kwa hiyo ni kitu ambacho mtu anakipenda lakini anakiona ghali kujinunulia.

Nilihesabu kwa vidole. Kitu cha bei ninayoimudu, cha kutumika, cha kufaa kwa kila aliyealikwa. Mimi ndiye ninayeuza ushauri huo, na mama alikuwa amenipa bure.

Tulinunua wimbi jekundu soko la Sotik, kwa mama mmoja aliyekubali tufungue gunia tutie mkono hadi chini, kwa sababu wauzaji wengine huweka zuri juu. Nyumbani tulilianika siku mbili kwenye turubai, tukilikimbiza ndani kila wingu lilipopita, maana wimbi lenye unyevu ukilifunga kwenye mfuko linaota ukungu. Kisha tukalipepeta. Wanawake watatu wa kanisani walikuja na teo zao, nami nikapepeta nao nikimwaga zaidi ya nilichopepeta, hadi mawe na makapi yakaisha. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku na karatasi hupasuka, kwa hiyo nilienda kwa fundi cherehani mjini, nikamwomba vipande vya vitenge vinavyobaki akikata magauni, akanishonea vifuko vya kamba ya kuvuta, kila kimoja rangi yake. Baada ya wimbi kuisha mtu ataweka humo vitunguu au hirizi yake. Hilo la vitambaa lilikuwa wazo langu, na mama alilisifu.

Siku ya kujaza niligombana naye tena, kidogo. Nilikuwa na kopo na rula. Najaza, nafuta juu kwa rula, namwaga. Nilitaka mifuko yote iwe sawa, asije mtu akasema fulani amepewa zaidi. Mama alininyang'anya rula. Kopo la kufutwa juu, alisema, ni la sokoni kwa mchoyo. Hata sokoni penyewe muuzaji muungwana hukuongezea mkono mmoja. Akaniamuru nijaze kopo mpaka limwagike, kisha nitupie na konzi juu. Mifuko ikatoka minene mirefu isiyolingana, na kwa macho yangu ya duka ilikuwa vurugu.

Sherehe yenyewe ilikwenda vizuri. Mvua ilitupa nafasi hadi saa kumi. Mchungaji aliomba kwa muda wa kawaida, mbuzi walitosha, ndugu yangu alihutubia akasahau jina la kwaya. Na yule jirani alikuja. Alikuja amevaa koti la kijani na kitambaa cheupe kichwani, akakaa kiti cha mwisho karibu na lango. Alikula kidogo. Mama alikuwa kwenye kiti chake mbele, chini ya hema, na kati yao palikuwa na watu themanini na nyasi zilizoloa ambazo fimbo ya miguu minne haiwezi kuzikanyaga. Kila mara nilipomtazama mama, alikuwa akitazama lango.

Watu walipoanza kusimama, mama aliniita. Aliniambia kwamba jikoni, kwenye rafu ya juu, kuna lile bakuli lake la bati lenye mfuniko, amelijaza mwenyewe asubuhi. Nimpe yule mama. Mkononi, si kwenye meza ya vizawadi.

Nilienda jikoni nikalishusha. Nalijua hilo bakuli tangu utoto. Lina maua mekundu ubavuni, na ukingo wake umebanduka rangi mpaka umekuwa mweusi. Mfuniko si wake hata. Nilisimama nikiliangalia kwa aibu. Wageni wote wanaondoka na mifuko mizuri ya vitenge, na huyu, ambaye ametutendea makubwa kuliko wote, na ambaye tulimkosea, apewe wimbi kwenye chombo kilichochakaa kama anayekuja kuomba? Nilimhurumia mama. Nilijiambia ni uzee. Nikalirudisha bakuli kwenye rafu, nikachagua mifuko miwili mizuri kuliko yote, ya kitenge cha buluu na dhahabu, nikampelekea kule langoni kwa mikono miwili.

"Mama amesema asante sana kwa yote," nilimwambia.

Aliipokea. Aliitazama ile mifuko miwili, akaona kwamba wenzake wana mmoja mmoja. Uso wake haukubadilika.

"Haya," alisema. "Basi imeisha."

Nilitabasamu. Nilidhani anazungumzia sherehe. Akafunga koti lake, akashuka njia ya kwake, nami nikarudi kuhesabu viti nikiwa nimejipongeza.

Ilikuwa jioni, tukiosha sufuria, mama alipoingia jikoni na fimbo yake kutafuta chumvi. Aliliona bakuli kwenye rafu. Aliuliza kama yule mama amesharudisha, hivi haraka, kisha akafunua akaona wimbi lake limekaa vile vile. Ikabidi nieleze. Nilieleza kwa fahari, nikataja hata rangi ya kitenge.

Mama aliketi kwenye stuli. Nimewahi kumwona mama akikasirika, na hii haikuwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Mfuko ni wake," alisema. "Amepewa, amekwenda. Bakuli ni langu. Bakuli lingerudi."

Niliweka sufuria chini.

"Na kuna mtu wa huku anayerudisha bakuli tupu?" akauliza. "Ukampa na miwili. Umemlipa mara mbili."

Sitasahau nilivyojisikia. Kwetu na kwao ni mamoja. Chombo cha jirani kikija kwako na kitu, hakirudi kitupu. Utatia mayai, utatia maharage, hata ndizi mbili. Nililelewa hivyo. Nilitumwa na mabakuli hayo tangu nijue kutembea, na mara nyingi nililamba kilichomo njiani. Mjini nimekaa miaka ishirini nikiuza vitu vya mtu kwenda navyo, vyenye utepe, vyenye jina, vizuri kwa sababu havirudi. Nilichukua njia ambayo mama alikuwa ameifungua kwa taabu, nikaifunga, tena kwa kamba ya kuvuta. Nilimwambia anisamehe. Alisema amechoka, anaenda kulala, na nisisahau kufunika maziwa.

Asubuhi nilichukua bakuli na wimbi lake nikashuka mteremko. Njiani nilitafuta maneno. Kuna namna gani ya heshima ya kumwendea mtu na kumwambia, nirudishie zawadi niliyokupa jana? Sikuipata. Mistari ya chai ya chini ilikuwa imechumwa vizuri, meza yake ikiwa sawasawa, na visiki vya mikaratusi bado vilikuwepo kwenye mpaka, vimechipua vijiti.

Alikuwa anakamua ng'ombe. Nilimsalimu kwa Kikipsigis changu kibovu, akaitikia kwa Kiswahili ili kunirahisishia. Alimaliza kukamua bila haraka. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliiona mifuko miwili ya kitenge imetundikwa kwenye msumari, kamba zake hazijaguswa.

Nilimwambia yote, vile vile yalivyokuwa. Kwamba mama alikuwa ametuma bakuli hili, na mimi nikaona limechakaa, nikabadilisha kwa akili yangu. Kwamba mifuko haikutoka kwa mama. Ninaomba niirudishe, na yeye achukue bakuli. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshajivua nguo nikaona nimalizie.

"Na ile barua ya kwa chifu," nilisema, "niliandika mimi. Si mama."

Aliweka ndoo chini.

"Hiyo mimi najua," alisema. "Mama yako hawezi kuongea maneno mbaya namna hiyo. Lakini alinyamaza. Jina ilikuwa yake, na akanyamaza. Hiyo ndio iliniuma."

Nilimuuliza, kwa kuwa lilikuwa limenikaa moyoni, kwa nini basi alimchumia chai. Alisema chai ya mama imepakana na yake. Angeiangalia vipi ikiharibika kila siku akipita? Kisha akasema jambo jingine kwa sauti ya chini, kwamba mama alikuja kwenye mazishi ya mzee wake akasimama nyuma, na yeye alimwona, na hakumsalimia, na tangu siku hiyo amekuwa na deni la salamu.

Aliingia ndani akarudi na mifuko miwili. Mmoja alinipa. Wa pili aliubakiza, akasema yeye pia ni mgeni kama wengine na haki yake ya mgeni hataiacha. Hapo alicheka, nami nikacheka kwa kuwa nilihitaji. Halafu akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akafunua, akanusa wimbi, akafunika.

"Ambia mama bakuli nitaleta mimi mwenyewe," alisema. "Si leo. Leo ni kama nakimbizwa."

Nilipanda mteremko nikikimbia, mtu wa umri wangu. Mama alikuwa amekaa mlangoni na alikuwa ameshaona kwamba mikono yangu haina bakuli. Nilimpa ujumbe. Aliuliza kama alisema kweli "mwenyewe," nikasema ndiyo. Akauliza tena.

Nililifunga duka karibu wiki mbili nikisingizia mashine imeharibika. Nilitaka kuwepo. Siku zilipita, nne, tano, sita. Kila asubuhi mama alivaa kitambaa kizuri na chai ilikuwa tayari kwenye chupa kabla ya saa nne, na kila jioni aliimwaga. Mimi uvumilivu si wangu. Siku ya saba nilitaka kushuka tena kuuliza, mama akanikataza kwa jicho. Siku ya tisa nilisikia lango. Alikuwa amevaa lile koti la kijani, bakuli mkononi, limefunikwa kwa kitambaa. Mama alisimama. Alisimama bila fimbo, akishika fremu ya mlango, na wakatazamana hivyo nikiogopa nani ataanguka kwanza.

"Mguu ni aje?" jirani aliuliza.

"Unauma kukiwa na baridi," mama alijibu. "Kaa. Chai iko."

Ndiyo maneno yote ya miaka minane. Mama alinituma nikatafute kuni, na kuni zilikuwa zimejaa jikoni. Nilikaa nyuma ya nyumba nikisikia sauti zao zikipanda na kushuka kwa Kikipsigis, haraka mno kwa masikio yangu. Mara moja zilikatika, kisha mmoja akapenga kamasi. Sikujua ni yupi. Walipoanza kucheka nilijikuta nimeshika ukuta.

Ndani ya bakuli mlikuwa na maharage mekundu, yamejaa hadi mfuniko haukai. Nililiosha, na Jumapili nikiwa nafunga mizigo kurudi Kericho, nikamwambia mama nitapita nalo kwa jirani, ni njiani, nitie sukari kilo moja nimalize hilo jambo. Nilikuwa bado sijajifunza.

"Umalize nini?" aliniuliza. "Weka chini. Mguu ukipona nitalipeleka."

Daktari alikuwa amesema huenda mteremko ule hataushuka tena. Nilijua, na yeye alijua. Nililiweka mezani.

Mwezi mmoja na kitu baadaye nilimpigia simu mchana, kama ninavyofanya. Ililia sana. Nikapiga tena, nikaiona ile fremu ya maua bila kupenda. Mara ya tatu ikapokewa, na sauti haikuwa yake.

"Mama yako iko hapa kwangu," jirani alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto mchanga. "Alikuja na mguu, pole pole, na bakuli mkononi, tangu saa tatu. Amekula, sasa amelala kwa kiti. Nimuamshe?"